Ushauri: Nitatenganishaje muda wa kusubiri na muda wa kuhudumiwa kwenye dirisha la usajili?

KumbukumbuNakuru aliandika:

Wanajukwaa, hamjambo. Ninafanya kazi katika idara ya kumbukumbu za afya kwenye hospitali moja hapa Nakuru. Dirisha letu la usajili wa wagonjwa wa nje lina karani mmoja, na wasimamizi wanataka kujua kama kuna haja ya kuongeza wa pili. Mgonjwa akifika huchukua tiketi yenye saa, na karani anapomaliza kumsajili, mfumo huandika saa ya kuhifadhi. Hatuna saa inayoonyesha ni lini mgonjwa aliitwa dirishani. Kwa hiyo ninajua muda wote aliokaa, lakini sijui ni kiasi gani alikuwa akisubiri na ni kiasi gani alikuwa akihudumiwa. Je, nyakati hizo mbili zinatosha, au ni lazima tuanze kuandika saa ya tatu?

MtuWaHesabu alijibu:

Zinatosha. Karani ni mmoja, kwa hiyo toa saa ya kuhifadhi ya mgonjwa aliyetangulia kutoka kwa ile ya anayefuata, na tofauti hiyo ndiyo muda wa huduma. Kinachobaki katika muda wote ni kusubiri.

MamaLurambi alijibu:

Huku kwetu Kakamega tatizo si karani. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, mtu anafika akiwa hajajisajili, anaanza kubonyeza *147# pale pale dirishani, na walio nyuma wanamsubiri. Wekeni mtu wa kuwasaidia kwenye mabenchi kabla hawajafika dirishani, foleni itapungua bila kuajiri yeyote.

Odijo_Kisumu alijibu:

Mama Lurambi, hilo ni jambo la kweli, ila ndugu yetu bado anatafuta namna ya kupima, na dawa itafuata baadaye. Nimewahi kufanya kazi hii katika vituo kadhaa vya huku Kisumu, na ninaona jibu la MtuWaHesabu ni sahihi kwa nusu ya siku tu, yaani wakati foleni haijakatika. Tazama mfano huu wa asubuhi moja, ambapo safu ya B ni saa ya tiketi na safu ya C ni saa ya kuhifadhi:

```
     B       C
2  08:02   08:09
3  08:03   08:14
4  08:05   08:18
5  08:06   08:31
6  08:40   08:44
```

Ukitoa saa za kuhifadhi peke yake, mgonjwa wa nne anapata dakika 13 na wa tano anapata dakika 13 vilevile. Lakini wa tano alichukua tiketi saa mbili na dakika arobaini, wakati karani alikuwa amekaa bila mtu tangu saa mbili na dakika thelathini na moja. Alihudumiwa kwa dakika 4, na zile 9 nyingine ni za kiti kitupu. Huduma huanza pale ambapo mambo mawili yametimia, yaani mgonjwa amefika na karani amemaliza na aliyetangulia, hivyo unachukua ile saa iliyochelewa kati ya hizo mbili. Kwenye mstari wa 3 wa lahajedwali utaandika hivi, kisha uvute hadi chini:

```
D3: =MAX(B3,C2)
E3: =D3-B3
F3: =C3-D3
```

D ni mwanzo wa huduma, E ni kusubiri, na F ni huduma. Mgonjwa wa pili atapata kusubiri dakika 6 na huduma dakika 5, wa tatu 9 na 4, wa nne 12 na 13, na wa tano sufuri na 4. Panga mistari kwa saa ya kuhifadhi, wala si kwa namba ya tiketi, kwa sababu mzee au mama mwenye mtoto mgonjwa akipitishwa mbele, namba za tiketi zitakupotosha ilhali saa za kuhifadhi hufuata mpangilio halisi wa dirishani.

Sasa rudi kwa yule wa nne. Dakika zake 13 huenda zilikuwa za usajili mgumu, na huenda karani alikwenda kutafuta faili au mtandao ulipotea. Rekodi zenyewe haziwezi kukuambia, na fomula itamhesabia mgonjwa huyo kutokuwepo kwa karani kana kwamba ni huduma. Chukua asubuhi moja, ukae karibu na dirisha na saa ya simu, uandike mwanzo na mwisho wa huduma kwa wagonjwa wapatao thelathini, kisha ulinganishe na safu ya F. Katika kukaa huko utaona pia ni lini hasa karani hubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kuna wanaohifadhi kwanza, halafu wanachapisha kadi na kumwelekeza mgonjwa kwa dakika mbili zaidi. Foleni ikiwepo, dakika hizo zinahamia kwa mgonjwa anayefuata na wastani hauharibiki sana, lakini foleni isipokuwepo zinapotea kabisa, na huduma ya alasiri itaonekana fupi kuliko ilivyo.

ChumaUlete_Eldy alijibu:

Naomba niongeze kuhusu saa yenyewe. Kama mfumo wenu umejengwa juu ya OpenMRS, kama ilivyo KenyaEMR, kuna `encounter_datetime` ambayo mtumiaji anaweza kuijaza kwa mkono, na `date_created` ambayo mfumo huiandika wenyewe wakati wa kuhifadhi. Kwa kazi hii tumia ya pili. Hata hivyo, siku ambayo umeme ulipotea na karani akaandika kwenye daftari, ataingiza wagonjwa wote jioni, na utaona rekodi zimefuatana kila baada ya nusu dakika. Hakuna anayesajili mgonjwa kwa nusu dakika, kwa hiyo siku hizo ziondoe kabisa. Ukikuta pia muda wa kusubiri ulio chini ya sufuri, linganisha saa ya mashine ya tiketi na ile ya seva, kwa kuwa huenda hazikubaliani.

KumbukumbuNakuru alijibu:

Ninawashukuru nyote. Nimejaribu fomula kwa wiki moja ya rekodi baada ya kuondoa siku moja iliyoingizwa kutoka daftarini. Huduma kwa kawaida ni kama dakika 6, na haibadiliki sana kati ya asubuhi na alasiri. Kusubiri ndiko kunakopanda kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na baada ya chakula cha mchana watu wengi hawasubiri hata kidogo.

Odijo_Kisumu alijibu:

Basi usiwapelekee wasimamizi wastani wa siku nzima, kwa sababu ile alasiri tulivu itaficha asubuhi. Karani anayetumia dakika 6 kwa mtu hawezi kuhudumia zaidi ya watu 10 kwa saa. Hesabu tiketi za kila saa moja, na pale zinapozidi 10 foleni itaongezeka hata karani asipoinua kichwa. Lakini angalia pia tiketi za kwanza za siku. Mashine yenu huwashwa saa ngapi?

KumbukumbuNakuru alijibu:

Saa moja asubuhi, na tiketi kama ishirini za mwanzo hutolewa ndani ya dakika chache.

Odijo_Kisumu alijibu:

Hao walikuwa langoni tangu mapema, na kusubiri kwao halisi ni kurefu kuliko safu ya E inavyosema. Ama uwaulize walifika saa ngapi, ama uandike wazi katika ripoti kwamba umepima kuanzia tiketi.

MtuWaHesabu alijibu:

Nimekubali kuhusu kiti kitupu. Je, karani wa pili akija na wote wawili wakatumia jina moja la kuingilia kwenye mfumo, hiyo C2 itakuwa ya nani?

ChumaUlete_Eldy alijibu:

Haitakuwa ya yeyote. Kila mmoja akiwa na jina lake, unawatenganisha na kutumia fomula ileile kwa kila karani. Kwa jina moja, mimi sijaona njia ya uhakika.