Asaimenti ya masoko: nichukue maji ya chupa au mtungi mdogo wa gesi?

kijana_mbagala: Wakuu naombeni msaada, nina asaimenti ya kugawa soko, kuchagua soko lengwa na kuipa bidhaa nafasi kichwani mwa mteja, vyote kwa bidhaa moja. Nawaza maji ya chupa au mtungi wa gesi wa kilo 6. Ipi nyepesi?

bi_tandika: Mwanangu hujasema diploma au digrii, ya grupu au peke yako, kurasa ngapi. Tukusaidieje?

dogo_fundi: Chukua maji, kila mtu anakunywa. Soko lako watu wa Dar wa miaka 15 hadi 60, imeisha hiyo.

mzee_wa_mauzo: Dogo hapo hujagawa kitu. Gesi ina nyama zaidi ila usianze na umri, anza na hela inavyoingia. Chukua majirani wawili Manzese, kwa mwezi wanapata sawa, mmoja mlinzi analipwa mwisho wa mwezi, mwingine anauza mboga anapata kila jioni. Mlinzi anajaza mtungi siku ya mshahara. Wa mboga ana hela ya kopo la mkaa la leo tu, ya kujaza mtungi kwa mkupuo hana, hata kama mkaa wa mwezi mzima ukijumlisha unamla zaidi. Kipato kimoja, wateja wawili. Ukihama kundi halafu bei, mahali pa kuuzia na maneno ya tangazo vikabaki vilevile, ujue hilo ni kundi moja.

kijana_mbagala: Diploma, grupu, mimi ndo naandika 😅 vipi nikilenga mama lishe, si wanapika sana?

mama_k_kariakoo: Mie mama lishe, usinilenge na huo mtungi. Nilinunua, sufuria ya wali inayumba, maharage yakanimalizia gesi saa sita kasoro na oda ya ofisini haijaiva, nakimbia duka la jirani wana mitungi ya kampuni nyingine hawabadilishi, narudi kuwasha mkaa wateja washaondoka. Mtungi upo uvunguni.

mzee_wa_mauzo: Umemsikia. Huyo anataka mtungi mkubwa na mtu wa kumletea, hiyo biashara nyingine. Kilo 6 mpe mpangaji wa chumba kimoja mwenye mshahara. Na mtungi wako hapo unashindana na mkaa kabla ya kampuni nyingine ya gesi, kwa hiyo achana na "bora, salama, nafuu". Shika moja: unarudi kazini usiku, unakula bila kupuliza moto.

dogo_fundi: Nafasi ya bidhaa si ni duka liwe wapi?

mzee_wa_mauzo: Hapana, hayo ni mambo ya usambazaji. Duka lifuate mteja uliyemchagua.

dogo_fundi: Sawa ila wali wa mkaa mtamu bwana.

mama_k_kariakoo: Hasa ukipaliwa makaa juu ya mfuniko.

kijana_mbagala: Lekchara anataka umri na jinsia viwepo lakini.

mzee_wa_mauzo: Weka, vikusaidie kujua utampata wapi huyo mpangaji.

bi_tandika: Na ile gesi ya mita, unalipia kidogokidogo kwa simu? Si yule wa mboga naye anaingia, mgawanyo wako wote unavurugika mzee?