Traka ya gari: notisi nimetoa, kampuni yasema mkataba umejirefusha mwaka mzima!

Mwana wa Makupa

Wenzangu wa Mombasa, hebu nisomeeni hii mniambie kama ni biashara au unyang'anyi.

Mkataba wa kufuatilia gari, miezi 24, ulianza 15 Machi 2023 ukaisha 14 Machi 2025. Ada ni shilingi 1,500 kwa mwezi, na ukitia VAT ya asilimia 16 yawa 1,740. Barua ya kusitisha imepokelewa ofisini kwao 10 Februari 2025, zaidi ya mwezi mzima kabla ya mwisho. Sasa ndiyo wanajibu, na jibu lenyewe limekuja na invoisi: ati notisi ilitakiwa siku 90 kabla, kwa hivyo mkataba umejirefusha wenyewe miezi 12, na nikitaka kutoka nilipe 20,880 kwa mkupuo.

Muuzaji wao alipokuwa akitafuta saini alisema notisi ni mwezi mmoja. Hizo siku 90 ziko ukurasa wa nyuma, maandishi madogo kama mayai ya chawa, tena ya rangi ya kijivu. Ujumbe wa kukumbusha kulipa hawaukosi hata mwezi mmoja, lakini wa kukumbusha kwamba tarehe ya notisi inakaribia, hakuna! Msinitajie kampuni nyingine. Nataka kujua kama hii 20,880 wana haki nayo au wananitisha.

Bwana Kibuyuni

Mbona rahisi. Nenda benki ufute standing oda, au acha tu kutuma pesa. Miezi miwili wakikosa kitu watazima laini iliyo ndani ya kifaa, habari imekwisha. Nani atakupeleka kortini kwa elfu ishirini?

Karatasi Kwanza

Bwana Kibuyuni, hapo pa laini umesema kweli, wataizima. Lakini kuzima laini si kuvunja mkataba. Mikataba mingi ya traka ina kifungu kinachosema kampuni yaweza kusimamisha huduma ukichelewa kulipa na ada ikaendelea kuhesabiwa. Maana yake gari halifuatiliwi na deni linapanda. Na korti ya madai madogo ipo hapa hapa Mombasa, inapokea madai mpaka shilingi milioni moja na haikulazimishi kuwa na wakili. Elfu ishirini si ndogo mno kwao kuileta huko, na si ndogo mno kwako pia.

Mwana wa Makupa, tuanze na hesabu yao, maana kwa tarehe hawakukosea. Rudi nyuma kutoka 14 Machi: siku 14 za Machi, 28 za Februari, 31 za Januari, hizo ni 73. Zimebaki 17, ukizitoa kwenye Desemba unaangukia 14 Desemba 2024. Ilikuwa Jumamosi, kwa hivyo kwa vitendo barua ilitakiwa iwe imegongwa muhuri Ijumaa ya tarehe 13. Hapa ndipo watu wengi hunaswa. Mteja hudhani notisi huhesabiwa kwenda mbele, kuanzia siku anayopeleka barua. Notisi ya kukataa mkataba usijirefushe huhesabiwa kurudi nyuma, kutoka siku ya mwisho. Ukiipitisha kwa siku moja ni kama hukuandika.

Lakini usilipe bado. Mikataba hii kwa kawaida ina milango miwili na kampuni hukuonyesha ule uliofungwa tu. Mmoja ni wa kukataa kurefusha, huo umekupita. Mwingine ni wa kuvunja wakati wowote, na mara nyingi uko mbali na ule wa kwanza, kwenye vifungu vya mwisho karibu na mambo ya migogoro na anwani. Soma ukurasa huo wa nyuma mpaka chini kisha utuandikie neno kwa neno. Kama huna nakala yako, idai leo kwa barua pepe, na udai iliyo na saini yako, si mfano mtupu.

Binti Nyali

Samahani kuingilia. Sisi alamu yetu ya nyumba hulia yenyewe usiku, hasa stima ikipotea. Nikiivunja kwa sababu hiyo nitahitaji notisi?

Karatasi Kwanza

Binti, hilo la kulia stima ikipotea mara nyingi ni betri ya ndani ya sanduku imechoka. Waite wabadilishe, na ombi lenyewe liwe la maandishi. Wakilipuuza, ndipo utakuwa na hoja kwamba wao ndio waliovunja mkataba kwanza. Bila maandishi, notisi yako ni ile ile ya kila mtu. Na kabla hujatoka uliza kipi chako: sanduku na vihisio huenda ulivinunua, lakini kile kisambaza mawimbi kinachoita gari la walinzi kwa kawaida ni mali yao na watakuja kukibandua. Hakikisha fundi wao hakuachii sanduku limefungwa kwa koodi yake.

Mwana wa Makupa

Nimekipata. Kifungu cha 14. Natafsiri kama kilivyo: "Baada ya muda wa kwanza kumalizika, upande wowote waweza kuvunja mkataba huu kwa kuupa upande wa pili notisi ya maandishi ya siku 90." Sasa hawa jamaa wananidai miezi 12 ya nini?

Karatasi Kwanza

Hapo sasa. Hata tukikubali kwamba mkataba umejirefusha, kifungu cha 14 kinakuruhusu kutoka katikati. Hawawezi kudai miezi 12, wanaweza kudai ada ya kipindi cha notisi tu.

Hesabu ziko mbili. Ukishikilia kwamba barua ya 10 Februari inatosha, siku 90 zinaishia 11 Mei 2025. Kutoka 15 Machi mpaka hapo ni miezi miwili ya malipo kasoro siku chache, yaani 3,480. Wao watasema barua ile ilikuwa ya kukataa kurefusha, na kwamba kifungu cha 14 kinataka notisi itolewe baada ya muda wa kwanza kumalizika. Hoja yao si ya upuuzi. Kwa hivyo usibishane mikono mitupu: andika barua ya pili leo hii, 21 Machi, useme unashikilia ile ya kwanza, lakini kama haikubaliki, hii ni notisi chini ya kifungu cha 14. Hiyo itaishia 19 Juni. Ni miezi mitatu, 5,220, na siku tano juu yake. Kwa vyovyote uko mbali sana na 20,880.

Barua iwe na namba ya mkataba, namba ya gari, tarehe ya mwisho unayoitambua wewe, na ombi wakujibu kwa maandishi. Kisha tazama kifungu cha anwani, maana wengine hutaka barua ipelekwe kwa mkono kwenye ofisi kuu au kwa rejista ya posta, na ofisi kuu yenyewe huenda iko Nairobi. Peleka tawi la hapa ugongewe muhuri wa tarehe kwenye nakala yako, na nyingine itume Nairobi kwa rejista ukiweka risiti. Wasapu ya muuzaji usiitegemee. Akiacha kazi kesho, hakuna aliyeiona.

Na endelea kulipa kila mwezi mpaka siku ya mwisho. Kwenye kila malipo andika kuwa ni ya kipindi cha notisi.

Fundi wa Kongowea

Wengi mwazungumza makaratasi, mie nitasema la gari. Msiruhusu kifaa kizimwe kikaachwa ndani. Traka nyingi za hapa zina rilei iliyofungwa kwenye waya wa pampu ya mafuta au wa suichi, ya kuzima gari likiibwa. Waya wa gari umekatwa, ncha moja imeingia kwenye rilei na nyingine imetoka. Mkataba ukiisha rilei inabaki pale inapitisha umeme, gari linawaka kama kawaida na unasahau. Unyevu na chumvi ya huku pwani vikishaingia kwenye miguu ya rilei, gari linaanza kuzima lenyewe barabarani, na fundi atakubadilishia pampu nzima kabla ya kujua kosa liko wapi.

Wakija kutoa kifaa simama hapo. Ncha mbili za waya asili ziungwe kwa risasi na kuvikwa mpira wa joto. Kuzisokota na kuzungushia tepu hakutoshi. Fyuzi waliyoongeza itoke pia. Halafu liwashe, lizime, liwashe tena kabla hujatia saini karatasi yao ya kazi. Wakidai pesa ya kutoa kifaa, waonyeshe kwenye mkataba ilipoandikwa.

Mama Bima

Kabla ya yote hayo, logibuku iko kwa nani? Kama gari lina mkopo na benki imo kwenye logibuku, traka huenda ni sharti la benki. Kuitoa bila barua yao ni kuvunja mkataba mwingine mkubwa zaidi. Na hata kama gari ni lako peke yako, soma bima yako. Kwenye bima nyingi za komprehensivu, gari likiibwa unabeba asilimia 10 ya thamani likiwa na traka, na asilimia 20 likiwa halina. Gari la milioni moja, tofauti ni laki moja. Mwambie wakala wako kwa maandishi siku ufuatiliaji unapokoma, maana kifaa kisichofuatiliwa na mtu watakihesabu kama hakipo.

Bwana Kibuyuni

Bado nasema mnamtisha bure. Huyu alitia saini ukurasa wa mbele tu. Ya nyuma hayamfungi.

Karatasi Kwanza

Inategemea kama mbele pameandikwa "nimesoma na kukubali masharti ya nyuma", na karibu zote huandikwa hivyo. Hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema mkataba wenye maana mbili usomwe kwa faida ya mteja, na hapa kifungu kimoja kinamfunga mwaka mzima ilhali kingine kinamwachilia.

Bwana Kibuyuni

Wakili wao atasema hakuna maana mbili hapo, ni vifungu viwili vyenye kazi mbili.

Karatasi Kwanza

Atasema. Na hakimu mmoja aweza kumkubalia, mwingine akakataa. Ndiyo maana nikasema barua ya pili ipelekwe leo, isingoje ubishi huo.

Mwana wa Makupa

Logibuku ni yangu peke yangu, bima nitampigia wakala. Barua ya pili naipeleka saa hii, ofisi yao ya hapa hufunga saa kumi na moja. Swali moja: siku ya mwisho ikifika na wao wasitume fundi, si wataendelea kuona gari langu liko wapi?

Fundi wa Kongowea

Kifaa kikiwa na umeme na laini iko hai, ndiyo, wanaliona. Fungua apu yao siku hiyo usiku. Gari likiwa bado linaonekana kwenye ramani, piga picha ya skrini yenye tarehe.

Karatasi Kwanza

Na picha hiyo waambatanishie barua ya kudai waache kukusanya na wafute taarifa zako, kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Wakinyamaza, malalamiko huenda kwa Kamishna wa Data. Tena hapo invoisi yoyote ya baada ya siku hiyo isiguse pesa yako.