Tranking, boksi au nyuma ya meza: nyaya za sebuleni nizifiche vipi?

Mpangaji_Tabata: Wakuu, nimepanga, na sebule ina soketi moja tu, kwenye kona. TV iko ukutani, chini yake pana meza yenye king'amuzi, ruta na sabufa. Nyaya tatu zinaning'inia toka kwenye TV, na ekstensheni imelala sakafuni na chaja zake. Sitaki kugusa wayaringi. Kipi bora: tranking ya kubandika, ule mfereji wa plastiki wenye mfuniko, boksi la kufichia ekstensheni, au kupitisha vyote nyuma ya meza?

Mama_Zuu: Boksi, mwanangu. Langu ni la viatu, nimetoboa pembeni, nyaya nimezikunja na kuzifunga vizuri ndani. Waya mkubwa unapita chini ya zulia. Pasafi kabisa.

FundiSele: Mama Zuu, kwa TV na king'amuzi peke yake hutaona shida, umeme wanaotumia ni mdogo. Shida ni siku mtu atakapochomeka pasi hapo. Waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto, na karatasi inashika moto. Na chini ya zulia waya unakanyagwa mpaka ganda linachubuka bila mtu kuona.

Mpangaji, gawa kazi. Ekstensheni ifunge mgongoni mwa meza kwa skrubu. Nyingi zina matundu ya kuning'inizia nyuma yake. Adapta ziache wazi zipate hewa. Tranking iwe ya kipande cha TV mpaka mezani tu. Chukua ya milimita 25 kwa 16, maana waya wa umeme, HDMI na wa antena vikikaa kwenye ya 16 kwa 16 vinabanana, na mfuniko unafunguka wenyewe. Plagi isikupe shaka: unafungua mfuniko, unalaza waya, unafunga.

Kijana_wa_Ilala: Kwa nini asimwite fundi aongeze soketi nyuma ya TV?

Mpangaji_Tabata: Kaka, nimesema sigusi wayaringi, nyumba si yangu. Fundi, gundi itashika? Ukuta una rangi ya maji.

FundiSele: Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, gundi itashika unga, siyo ukuta, na tranking itadondoka na rangi yake. Kisipotoka, futa vumbi, acha pakauke, kisha gandamiza kipande chote kabla hujaweka nyaya.

Mpangaji_Tabata: Nimejaribu, unga unatoka.

Neema_K: Basi tumia misumari midogo, matundu utaziba kwa pati ukihama.

FundiSele: Itashika, ila muulize mwenye nyumba kwanza. Mimi ningeisogeza TV ikae juu ya meza, usihitaji tranking kabisa.

Mpangaji_Tabata: Mtoto wa miaka miwili ataivuta.

Mama_Zuu: Wangu anatafuna chaja! Nazibana ukingoni mwa rafu ya juu kwa klipu za kubania karatasi, ncha hazifiki chini. Zikiisha kazi nazima swichi ya soketi.