Naomba ushauri: programu ya bure ya kuanzia Kihispania kwenye basi, pale mtandao unapokatika

MsafiriWaAsubuhi

Habari zenu, ndugu zangu. Ninasafiri kwa basi dakika 40 kwenda kazini na dakika kama hizo kurudi, na ningependa kuzitumia kujifunza Kihispania, lugha ambayo sijui hata neno lake moja. Kiingereza ninakielewa vizuri. Simu yangu ni ya Android, yenye nafasi ya wastani, na sina fedha za kulipia programu kila mwezi. Tatizo ni mtandao, kwa kuwa njiani hupatikana kwa dakika tano na kupotea kwa kumi. Programu niliyoanza nayo hukwama katikati ya zoezi, na nikiifungua tena inanirudisha mwanzo wa somo. Je, ipo njia ya kujifunza bila kutegemea mtandao kabisa nikiwa njiani?

Kipepeo_77

Ndugu Msafiri, mimi hufungua masomo mawili au matatu nikiwa bado nyumbani kwenye waifai, kisha ninaondoka bila kuifunga programu. Masomo hubaki ndani ya simu, nami huyamaliza njiani. Huna haja ya kubadilisha programu.

Mwl_Mstaafu

Ndugu Kipepeo amesema kweli nusu. Somo ulilolifungua hubaki kwenye hifadhi ya muda, lakini hifadhi hiyo si yako: simu inaweza kuifuta wakati wowote inapohitaji nafasi, na mara nyingi maandishi hubaki ilhali sauti haimo. Ndiyo maana siku moja mbinu hiyo hufanya kazi na siku ya pili inakuangusha. Kabla ya kuiamini programu yoyote, washa hali ya ndegeni ukiwa nyumbani, izime programu kabisa, iwashe tena, kisha ufanye somo zima hadi mwisho. Ikishindwa hapo, itashindwa na kwenye basi.

Kwa hali yako ningechagua vitu viwili tu. Cha kwanza ni Language Transfer, ambayo ni ya bure, haina matangazo na huendeshwa kwa michango ya hiari. Kozi yake ya Kihispania ina masomo 90 ya sauti, mengi yakiwa ya dakika tano hadi kumi, na unaweza kuyapakua yote kwa mara moja ukiwa kwenye waifai. Mwalimu anamfundisha mwanafunzi mmoja kwa Kiingereza, nawe unasikiliza kama mwanafunzi wa pili. Kila anapouliza swali, sitisha sauti, tunga jibu lako, ndipo uendelee. Anayesikiliza tu bila kusitisha hufika somo la 30 akidhani anaelewa, ilhali hawezi kutunga sentensi hata moja. Ukihesabu na muda wa kusitisha, masomo mawili huchukua takriban dakika 25, kwa hiyo yanatosha kwa safari ya asubuhi. Kwa siku tano za kazi kwa wiki, kozi nzima itakuchukua wiki tisa.

Cha pili ni AnkiDroid, programu ya bure ya kadi za kukumbushia, ambayo huhifadhi kila kitu ndani ya simu. Hiyo iwe ya safari ya jioni.

MamaPacha

Mwalimu, shikamoo. Mimi huendesha gari mwenyewe. Je, ninaweza kutumia hizo kadi nikiwa kwenye foleni?

Mwl_Mstaafu

Marahaba, mama. Hapana, kadi zinahitaji macho na kidole. Wewe baki na sauti pekee, na usikimbizane na kitufe cha kusitisha: rudia somo lile lile mara mbili, na mara ya pili utaweza kumjibu mwalimu kabla ya mwanafunzi wake.

Tumbili_Mpole

Naomba niongeze jambo kuhusu hizo kadi, kwa sababu ziliwahi kunitesa. Nilipakua fungu lililotengenezwa na watu wengine, lenye maelfu ya kadi pamoja na picha na sauti. Simu ilijaa, na mbaya zaidi, tafsiri zote zilikuwa za Kiingereza. Nikiliona neno la Kihispania, nililipeleka kwanza kwenye Kiingereza na kutoka hapo kwenye Kiswahili, na safari hiyo ndefu ilinichosha kuliko lugha yenyewe.

Mwl_Mstaafu

Hapo ndugu Tumbili amegusa jambo kubwa. Msemaji wa Kiswahili akipitia Kiingereza hupoteza msaada alio nao tayari. Katika Kihispania, mtendaji hukaa ndani ya kitenzi, kama kwetu, isipokuwa wao humweka mwishoni: *hablo* ni «nazungumza», *hablas* ni «unazungumza», *hablamos* ni «tunazungumza». Mzungumzaji wa Kiingereza huhangaika kuyazoea matumizi hayo, naye huongeza nafsi pasipohitajika. Sisi hatuhitaji kufundishwa kwamba neno moja linaweza kuwa sentensi nzima.

Kwa hiyo tengeneza kadi zako mwenyewe, Kihispania upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Kila baada ya masomo ya asubuhi, andika sentensi tano ulizozitunga humo, si maneno matupu. Chagua aina ya kadi iitwayo `Basic (and reversed card)`, ambayo itakupa kadi mbili kwa kila sentensi, moja kwa kila upande. Kisha ingia kwenye mipangilio ya fungu, na pale penye `New cards/day` punguza 20 iliyowekwa tangu mwanzo iwe 10. Wengi hulipuuza jambo hilo, kwa sababu siku za kwanza kazi huonekana ndogo. Kila kadi hurudi mara kwa mara ili usiisahau, kwa hiyo kadi mpya 10 kila siku huzaa marudio yanayokaribia 100 kwa siku baada ya wiki kadhaa, na hayo ni kama robo saa ya kazi. Ukiacha 20, marudio yatakaribia 200, nayo yatakula karibu nusu saa ya safari yako ya jioni.

Kipepeo_77

Nimejaribu hali ya ndegeni usiku huu. Somo la kwanza lilifunguka, la pili likagoma. Nakubali. Lakini sisi wa iPhone tufanyeje?

Mwl_Mstaafu

Language Transfer ipo kwa iPhone pia. Ya kadi, AnkiMobile, hulipiwa, na tovuti ya AnkiWeb, ambayo ni ya bure, inahitaji mtandao. Kwa kadi za bure zisizohitaji mtandao kwenye iPhone, sina programu niliyoijaribu vya kutosha kukupendekezea.

MsafiriWaAsubuhi

Nashukuru sana, mwalimu, pamoja na wote mliochangia. Nimepakua masomo 20 ya kwanza na kutengeneza kadi kumi. Nilipofanya jaribio la hali ya ndegeni, masomo yalicheza vizuri, lakini kadi nilizozipangia kusomwa kwa sauti ya simu zilikaa kimya.

Tumbili_Mpole

Hilo lilinipata pia. Sauti ya Kihispania haikuwa imepakuliwa ndani ya simu, hivyo ilikuwa ikitoka mtandaoni. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya kubadili maandishi kuwa sauti, na pakua sauti ya Kihispania ukiwa kwenye waifai.

MsafiriWaAsubuhi

Imekubali, sasa zinasoma hata bila mtandao. Limebaki moja: kumjibu mwalimu kwa sauti mbele ya abiria wote ninaona haya, na nikijibu moyoni ninajidanganya kwamba nimetamka sawasawa.

MamaPacha

Weka simu sikioni kama unayepigiwa, ndugu yangu. Nani atajua?

Mwl_Mstaafu

Mimi ningenong'ona. Midomo ikitembea, unagundua mara moja neno ambalo hukulijua.