Gumzo la kikundi: Majirani wa Sakina, jioni ya ajali ya Sanawari

Mama Glory (18:12): Jirani zangu nimegongana na boda hapa Sanawari. Kijana yuko chini, mguu unatoka damu nyingi, watu wamejaa wanapiga kelele. Nafanyaje??

Baba Kelvin (18:13): Pole sana dada. Mpakieni kwenye bajaji sasa hivi, Mount Meru si mbali. Na mvueni helmeti apate hewa.

Nesi Upendo (18:13): Baba Kelvin, subiri kidogo. Mama Glory, kijana anaongea? Anapumua vizuri?

Mama Glory (18:14): Anaongea, analia mguu. Anasema na shingo inauma.

Nesi Upendo (18:15): Basi helmeti ibaki hapohapo, fungueni kioo cha mbele tu. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa mikono miwili kisitikisike. Wewe una khanga kwenye gari?

Mama Glory (18:15): Ninayo.

Nesi Upendo (18:16): Vaa mfuko wa nailoni mikononi. Kunja khanga iwe nene, weka juu ya kidonda, kandamiza kwa uzito wako wote. Usifunue kuangalia kama damu imekata, ukifunua unaanza upya. Ikilowa, ongeza kitambaa kingine juu yake. Nitumie sauti ukiweza, mikono yako ina kazi.

Baba Kelvin (18:17): Afunge tu na mpira juu ya goti, ndiyo tulivyofundishwa mgambo.

Nesi Upendo (18:19): Kufunga kupo, ila ni pale damu inaporuka na kukandamiza kumeshindwa. Na hatufungi kwa kamba nyembamba, inakata nyama. Ni kitambaa cha upana wa vidole vitatu au vinne, juu ya kidonda na siyo juu ya kiungo, unakaza kwa kijiti mpaka damu isimame, unaandika saa uliyofunga. Ukishafunga hulegezi, daktari ndiye atafungua.

Mama Glory (18:21): 🎤 *(sauti)* Haijaruka, inachuruzika. Nimekandamiza… kuna mama analeta maji ampe anywe, nimpe?

Nesi Upendo (18:21): Hapana, hata soda. Mguu ule unaweza kuhitaji upasuaji usiku huu, akiwa na maji tumboni ni hatari kwenye usingizi. Na bajaji sahau, atakaa amejikunja. Tafuta Noah yenye siti za kulala au pikapu. Watu wanne wamnyanyue kwa pamoja kama ubao, yule wa kichwani ndiye anayehesabu.

Shangazi Ndeshi (18:24): Jamani poleni. Ila bima yake iko hai? Mimi ya kwangu ya afya ilikataliwa dirishani kwa sababu ya jina kukosewa herufi moja.

Mzee Mollel (18:25): Shangazi, hiyo ni ya afya. Hapa inayozungumzwa ni ya gari. Mama Glory, kijana akishapata gari la kumpeleka niambie. Trafiki wamepigiwa?

Mama Glory (18:31): Ameondoka na Noah, mdogo wake yuko naye. Kuna mtu amepiga 112. Foleni imefika mbali, madereva wananitukana.

Baba Kelvin (18:32): Songeza gari pembeni basi.

Mzee Mollel (18:34): Asisogeze. Kuna mtu ameumia, trafiki lazima aone magari yalipo ndipo achore. Washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma. Halafu piga picha wakati vitu viko mahali pake: gari lako na pikipiki kwa pande zote, namba zikisomeka, vioo vilivyovunjika viko wapi, alama za matairi, taa yako ya kulia. Chukua na namba za simu za watu wawili walioona. Ulikuwa unakata kulia, sivyo?

Mama Glory (18:36): Ndiyo mzee, na indiketa nimewasha. Yeye ameniovateki huku huku kulia. Wenzake wanasema sikuwasha.

Juma Boda (18:38): Mama samahani, ila na sisi mara nyingi tunaona indiketa inawashwa gari limeshaanza kukata. Sisemi ni wewe.

Mzee Mollel (18:39): Hilo mwachieni trafiki. Mama, usibishane nao.

Mama Glory (18:44): Sasa wanataka tumalizane. Laki tatu, niandike karatasi kwamba nimekosa na nitamtibu, tusiende kituoni.

Baba Kelvin (18:45): Lipa uende nyumbani. Polisi watakuweka mpaka usiku na gari watalishika.

Juma Boda (18:49): Baba Kelvin mimi ndiye niliyemalizana. Nilipewa laki na nusu nikaenda kumpa bosi hesabu yake. Siku ya tatu mguu umevimba, picha inaonyesha mfupa umepasuka. Kumpigia yule dereva, simu haipatikani. PF3 sina, kesi haipo, bima yake nitaidai kwa karatasi gani? Nilikaa miezi minne bila kazi. Mama Glory, ukimpa huyo dogo laki tatu unamwonea yeye pia.

Mzee Mollel (18:54): Sikilizeni maneno ya Juma. Na kwa upande wako Mama Glory, una bima ipi?

Mama Glory (18:55): Ndogo. Ile ya 118,000.

Mzee Mollel (19:01): Hiyo inamlipa uliyemuumiza, ikionekana kosa ni lako. Bampa yako hailipi. Lakini mkataba wako una sharti kwamba usikubali kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kuridhia. Ukiandika "nimekosa, nitamtibu", halafu kijana akawekewa chuma cha mamilioni, kampuni itakwambia uliahidi mwenyewe, lipa mwenyewe. Utu hauzuiwi: nenda hospitali, lipia dawa kwa jina la mgonjwa, tunza risiti. Ila usiandike kosa. Kampuni itakurudishia hizo? Siwezi kukuahidi, wengine hurudisha, wengine husumbua.

Baba Kelvin (19:03): Haya mzee, hilo la karatasi sikulijua. Ila gari kushikwa ni kweli.

Mzee Mollel (19:08): Ni kweli, litakaa kituoni mpaka mkaguzi aangalie breki na usukani, ndiyo PF93 inatoka hapo. PF115 ni ripoti ya awali, hiyo uifuatilie mapema. PF90 ni ya mwisho, inasubiri upelelezi, kwa hiyo usishangae ikichelewa. Kampuni ipigie kesho asubuhi, usingoje karatasi zote. Na mwambie mdogo wa kijana afuate PF3. Matibabu ya dharura yanaanza bila hiyo, lakini daktari lazima aijaze majeraha yakiwa mabichi.

Juma Boda (19:10): Angalieni na bima ya pikipiki. Ingia tiramis.tira.go.tz uweke namba yake.

Mama Glory (19:19): Nimeangalia. Imeisha tangu mwezi wa tatu.

Mzee Mollel (19:22): Piga picha hicho kioo cha simu. Hapo ikiamuliwa kosa ni lake, bampa yako utamdai mwenye pikipiki mfukoni mwake, na kwa uzoefu wangu utachoka wewe kwanza.

Nesi Upendo (19:24): Kijana amefikishwa? Amewekewa kola ya shingo?

Mama Glory (19:31): Mdogo wake amenitumia ujumbe, wanamsubirisha picha. Trafiki amefika, anapima kwa hatua. Ananiuliza indiketa niliwasha nikiwa wapi, na mimi jamani sikumbuki kama ni kabla ya kibanda cha chipsi au baada.