Nimelipia tangazo la kadi tano, bei zote zimekatwa njiani!

MamaFanicha_Kibuye
Wadau, leo nimechoka kunyamaza. Nauza fanicha Kibuye, hapa Kisumu. Nilimlipa mwandishi wa matangazo aniandikie karuseli ya Facebook, zile kadi mtu anazisukuma kwa kidole: kitanda, kabati, sofa, meza, godoro. Kila kadi na kichwa chake na kile kimaelezo kidogo chini yake. Akaniletea kwenye faili la Wodi, nikasoma, Kiswahili kitamu kabisa. Tangazo likapanda, pesa ikaanza kuliwa, na komenti zote ni moja: "Bei?" "Bei gani?" "Mbona mnaficha bei?"

Sijaficha! Kichwa cha kadi ya kwanza alikiandika hivi:

"Kitanda imara cha mbao ya saiprasi chenye droo mbili za nguo, Sh18,500"

Kwenye simu ya mteja kinaonekana "Kitanda imara cha mbao ya saiprasi chenye…" halafu basi. Chenye nini? Chenye kunguni? Chini yake eti "Tunakuletea hadi m…". Nikimuuliza, ananijibu kwamba mfumo uliyakubali maneno yake, kwa hiyo kazi yake iko sawa. Amelipwa na mtu gani, mimi au mfumo?

KukuWaNjoro
Pole mama. Hata mimi nilibusti posti ya vifaranga wiki iliyopita, pesa ikakatwa na sijapata hata simu moja. Hawa watu ni wezi tu.

MamaFanicha_Kibuye
Ndugu, yako ni posti ya kubusti, yangu ni maandishi kukatwa. Fungua uzi wako tafadhali.

Otis_wa_Kondele
Dawa ni rahisi, andika bei kwenye picha yenyewe. Ila chunga, maandishi yakizidi asilimia 20 ya picha tangazo linakataliwa.

KaratasiNaKalamu
Otis, bei kwenye picha ni wazo zuri, lakini hiyo sheria ya asilimia 20 iliondolewa mwaka 2020. Usimtishe mama wa watu.

Mama, huyo mwandishi anajificha nyuma ya neno "kukubaliwa". Mwongozo wa Facebook unapendekeza kichwa cha kadi kisizidi herufi 45, na maelezo 18, nafasi na alama zikihesabiwa. Ni pendekezo tu. Ukizidisha, mfumo haukurudishii kazi, unayapokea maneno yote na kuyakata mbele ya mteja, na pa kukatia panategemea upana wa simu yake. Ndiyo maana kwenye Wodi ulisoma vizuri. Kichwa chako kina herufi 70, na bei imekaa mwisho kabisa. Ingepona vipi?

Mimi ningeandika:

"Kitanda 5x6 cha saiprasi, Sh18,500"

Hizo ni 34. Droo zinaonekana kwenye picha, hazihitaji kutajwa. Chini: "Usafiri bure mjini", 18 kamili. Lakini kwenye Instagram hayo maelezo ya chini usiyategemee, kwa hiyo bei isikae huko hata siku moja. Weka vichwa vyote kwenye jedwali la Excel kuanzia A2, na uandike pembeni fomula hii ikuhesabie herufi:

```
=LEN(A2)
```

Kinachozidi 45 kirudi kwa mwandishi kabla hujalipa. Kisha fungua onyesho la awali na utazame kila mahali tangazo litakapotokea, si la kompyuta peke yake.

Kadi nyingine aliandikaje?

MamaFanicha_Kibuye
Ya pili: "Kisha ongeza kabati…" Ya tatu: "Na sebuleni je?" Alisema ni hadithi.

KaratasiNaKalamu
Basi una tatizo la pili. Pale kwenye mipangilio kuna chaguo la kuruhusu mfumo utangulize kadi zinazofanya vizuri. Likiwa limewashwa, mteja anaweza kuanza na "Kisha ongeza kabati". Kisha baada ya nini? Lizime, au kila kichwa kijitegemee: bidhaa, kipimo, bei.

Wanjala_Bungoma
Hapo sikubaliani. Bei kadi zote tano, tangazo linakuwa kama orodha ya duka la jumla. Mimi kadi ya kwanza huiacha na swali, "Umehamia nyumba mpya?", bei zinaanza ya pili. Watu wanasukuma.

KaratasiNaKalamu
Wanaosukuma, ndiyo. Angalia kwanza ni wangapi wanaishia kadi ya kwanza.

Wanjala_Bungoma
Ya kwangu inaleta meseji za WhatsApp, hesabu hiyo inanitosha.

Otis_wa_Kondele
Kwa hivyo mama, pesa unadai au unamwacha?

MamaFanicha_Kibuye
Tangazo nimelisimamisha sasa hivi. Nimemtumia vichwa vyote vitano na hesabu ya herufi pembeni, aandike upya bila senti yangu nyingine. Tiki zimekuwa bluu, jibu hakuna.

KukuWaNjoro
Na vifaranga je, herufi ni zilezile 45?