Maziwa mabichi: povu likipanda ndiyo yamechemka?

Mlezi_2: Wadau, nisaidieni. Nachemsha lita 2 za maziwa mabichi kwenye sufuria ya lita 3. Nikigeuka kidogo tu, yameshamwagika jikoni. Siku hizi povu likianza kupanda naepua papo hapo. Je, yanakuwa salama kwa wanangu wa shule?

Kijiko: Laza mwiko wa mbao juu ya sufuria. Hayamwagiki kamwe.

Tausi_K: "Kamwe" hapana. Mwiko hupasua baadhi ya mapovu, lakini moto ukiwa mkali povu linaupita. Kisa ni utando. Maziwa yakipata moto, protini na mafuta hutanda juu, mvuke unaotoka chini unakosa pa kupitia, basi unainua kila kitu kwa mkupuo. Mlezi, hiyo sufuria ni ndogo. Tafuta pana ya lita 4 au 5, maziwa yasizidi nusu. Moto uwe wa wastani, na ukiona vipovu pembeni usiondoke. Koroga huku ukikwangua chini.

Kuhusu usalama, viwandani hutumia nyuzi 72 kwa sekunde 15. Maziwa yaliyokorogwa vizuri yakifikia kupanda, yameshavuka hapo. Yasipokorogwa, juu ya moto mkali, povu linaweza kupanda huku sehemu nyingine bado haijapata joto la kutosha. Kwa hiyo usiepue. Punguza moto, koroga povu lishuke, kisha yaache yatokote taratibu kama dakika moja. Vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu havitoki hapo vikiwa hai.

Nyota: Yangu hukatika kila nikichemsha. Nipunguze moto?

Tausi_K: Yako ni mengine, dada. Hayo yalishaanza kuchacha kabla hayajafika jikoni, moto umefichua tu. Chemsha vijiko viwili kwanza. Yakikatika, usitie mengine.

Kijiko: Yakishachemka si naweza kuyaacha mezani hadi jioni?

Tausi_K: Usifanye hivyo. Wapo vijidudu wanaojifunga kwenye ganda gumu na kuvuka mchemko, halafu huzaana maziwa yakiwa vuguvugu. Tia sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji, kisha yaingie kwenye friji ndani ya saa 2. Na usiyarudishe kwenye chombo kilichobeba mabichi kabla hujakiosha kwa sabuni na maji moto.

Babu_Jiko: Mimi sichemshi kabisa. Naweka sufuria ndani ya maji moto, nashikilia nyuzi 63 kwa nusu saa. Ladha ya mchemko haipo, wala hayamwagiki.

Tausi_K: Kwa kipimajoto, sawa, mzee, mradi joto lisishuke katikati. Kwa kukisia kidole, hapana.

Babu_Jiko: Kipimajoto ninacho. Watu wa mchemko mnaharibu maziwa.

Mlezi_2: Asanteni, sufuria nabadilisha leo. Na ule utando, mnautoa au mnauacha?

Kijiko: Nautoa, naula na mkate.

Nyota: Mimi nachuja, unanitia kichefuchefu.